Sura ya 6: Waifai Imejaa, Intaneti Haipo

Mama mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi mjini Tororo alinipigia simu asubuhi moja ya mwezi wa nne, siku ya pili baada ya mvua kubwa. "Fundi, njoo," alisema. "Waifai imejaa kabisa, lakini hakuna kinachofunguka. Nimenunua ruta mpya jana na bado ni vilevile. Nafikiri wameniuzia feki."

Hakuwa ameuziwa feki. Ruta ile mpya ilikuwa nzima tangu ilipotoka kwenye boksi, na bado fedha yake ilikuwa imekwenda bure kwa siku nzima, kwa sababu alibadilisha kifaa kabla ya kujua kipi kimekufa. Sura hii nzima nitaikalisha dukani mwake, kwa sababu karibu kila kifaa ninachotaka kukieleza kilikuwapo, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimeungua kwa pamoja, jambo linalomchanganya hata fundi wa miaka mingi.

Kwanza tuifuate njia. Intaneti inayofika Tororo kwa waya imetoka mbali. Uganda haina bahari, kwa hiyo sehemu kubwa ya mawasiliano yake na dunia hupita kwenye nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa. SEACOM ilianza kazi mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kutoka Mombasa nyuzi za kioo hupanda bara hadi Nairobi, zikaendelea magharibi mpaka mpakani, Busia na Malaba, kisha zikaingia Uganda. Mwishoni kabisa mwa safari hiyo uzi mmoja mwembamba unashuka kutoka kwenye nguzo ya mtaani na kuingia ukutani kwa mteja. Ndani ya uzi huo hakuna umeme. Kuna mwanga tu, unaowaka na kuzima mara mabilioni kwa sekunde, na jicho haliuoni.

Simu yako haiwezi kusoma mwanga ule, wala kompyuta haiwezi. Ndipo kinapohitajika kisanduku cha kwanza, kile kinachofungwa ukutani pale uzi unapoingia. Mafundi wanakiita ONT kwa sababu ndivyo kilivyoandikwa mgongoni, na wateja wengi wanakiita kisanduku cha faiba. Kazi yake ni kutafsiri: kinapokea mwanga, kinatoa umeme kwenye tundu la waya wa mtandao, na kwa data inayotoka kwako kinafanya kinyume. Ni mkalimani, basi.

Modemu ni mkalimani pia, ila wa lugha nyingine. Neno lenyewe lilizaliwa enzi za laini za simu za shaba, wakati kifaa kile kilipogeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data. Siku hizi mtu wa Busia akisema modemu huwa anamaanisha kifaa kinachowekwa laini ya simu, kinachogeuza mawimbi ya mnara kuwa intaneti. Kwa hiyo nyumba yenye faiba haihitaji modemu, na nyumba yenye modemu haina kisanduku cha faiba. Vyote viwili vinakaa mahali pamoja kwenye mnyororo, mlangoni, na ukijua unacho kipi umeshapunguza nusu ya maswali.

Baada ya mkalimani inakuja ruta. Mtoa huduma anakupa anwani moja tu ya kuonekana nje, lakini ndani una simu sita, kompyuta tatu na printa. Ruta inagawa anwani ndogo za ndani, kwa kawaida zinazoanza na 192.168, na inakumbuka nani ameomba nini ili jibu likirudi limfikie mwenyewe. Mfikirie karani wa bwenini anayepokea barua zote kwa sanduku moja la posta, kisha anazipeleka kitanda kwa kitanda. Karani akilala, barua zinafika sanduku la posta na kuishia hapo.

Eksesi pointi ndiyo inayotoa waifai. Haigawi anwani na haijui intaneti iko wapi. Inachukua kilichomo kwenye waya na kukirusha hewani, inachukua cha hewani na kukirudisha kwenye waya. Na hapa ndipo lilipo kosa la mama wa duka, ambalo ni kosa la karibu kila mtu: zile alama za waifai juu ya simu zinapima kitu kimoja tu, yaani jinsi simu inavyosikiana na eksesi pointi iliyo karibu. Zikijaa, maana yake hewa kati ya simu na kile kifaa ni nzuri. Hazisemi lolote juu ya waya wa nyuma yake. Unaweza kuchomoa faiba ukutani, ukakaa nayo mkononi, na simu itaendelea kuonyesha waifai iliyojaa hadi jioni.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kazi hizi tatu hazikai kwenye visanduku vitatu kila mara. Kisanduku kinachowekwa laini ya 4G kwa kawaida ni modemu, ruta na eksesi pointi ndani ya plastiki moja. ONT nyingi zinazogawiwa na watoa huduma ni mkalimani, ruta na eksesi pointi kwa pamoja. Kwa hiyo usihesabu visanduku. Uliza: nani hapa anatafsiri, nani anagawa anwani, nani anarusha hewani?

Kule Petta, nje ya mji wa Tororo, ndugu mmoja wa mama huyu ana duka la kutuma na kupokea pesa. Kwake hakuna uzi wa kioo, kuna kisanduku cha laini. Lawama kwake zinakwenda kwa njia tofauti, na mpaka unaingilia. Mawimbi ya mnara hayajui Kenya inaishia wapi. Yeyote aliyewahi kukaa Busia anajua jinsi simu inavyomkaribisha nchi jirani huku yeye ameketi nyumbani kwake. Modemu nayo hufanya hivyo. Ikishika mnara wa ng'ambo inaonyesha nguvu imejaa, lakini bando lako halifanyi kazi huko, au data inakataa kabisa. Mtu anaona alama zimejaa, anatupa lawama kwa kisanduku. Dawa ni kufungua ukurasa wa kifaa kwenye simu au kompyuta, mara nyingi kwa kuandika 192.168.8.1 mahali pa anwani, kisha kusoma jina la mtandao ulioshikwa. Kama si wako, ondoa kuchagua kwa kujiendesha na uchague wa kwako kwa mkono. Ukurasa huohuo una namba iliyoandikwa RSRP. Ikiwa karibu na -80 mnara unasikika vizuri, ikishuka hadi -110 unasikika kwa shida, na hapo kukisogeza kisanduku dirishani, mbali na ukuta wa mabati, kunaweza kufanya kazi kuliko kununua kingine.

Turudi Tororo kwenye faiba. ONT ina taa chache, na mbili ndizo za kusoma kwanza. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, mwanga unafika na mitambo ya mtoa huduma imeitambua. Ikipepesa tu bila kutulia, mwanga upo lakini haijaruhusiwa kuingia. Mitambo huitambua ONT kwa namba yake ya usajili, ndiyo maana huwezi kuazima ya jirani ukaifunga kwako ikafanya kazi. Na LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki au umefifia mno. Hapo acha kugusa ruta. Hakuna ruta duniani itakayorudisha mwanga.

LOS nyekundu ina sababu zake za kawaida. Lori lililopakia mzigo mrefu limenasa uzi unaovuka barabara. Panya ametafuna. Wachimba mtaro wamekata. Au, na hii ni ya ndani ya nyumba, mtu amesogeza kabati na uzi umekunjwa kona kali nyuma yake. Kioo kikikunjwa sana mwanga unavuja pembeni badala ya kuifuata kona. Upindo wake usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Kichwa cha kijani cha uzi nacho kisichomolewe ovyo, maana chembe moja ya vumbi kwenye ncha yake inatosha kufifisha mwanga, na usichungulie ndani ya ncha hiyo hata kama huoni kitu, kwa sababu mwanga wake hauonekani lakini upo. ONT nyingi zinaonyesha kwenye ukurasa wao nguvu ya mwanga unaoingia, imeandikwa Rx Optical Power. Namba kati ya -15 na -25 haina tatizo. Ikipita -27 kuelekea chini, intaneti inaanza kukatika na kurudi kabla hata taa nyekundu haijawaka.

Kabla ya kumpigia mtoa huduma, muulize jirani anayetumia kampuni hiyohiyo. Uzi mmoja kutoka kwenye mitambo hugawanywa mtaani kuhudumia nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Kama nyote mmezimika, uzi wa mtaa ndio uliokatika. Kama ni wewe peke yako, kosa liko kati ya nguzo na ukuta wako. Mhudumu akiambiwa "intaneti imekufa" atakwambia uzime na kuwasha. Akiambiwa "LOS ni nyekundu tangu saa nne usiku, jirani yangu anapata" atamtuma fundi wa nguzo.

Kuna siku ambazo visanduku vyote havina hatia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko. Siku ile PON ilikuwa kijani, waifai imejaa, ruta inagawa anwani kama kawaida. Watu walinunua ruta. Dalili ya jambo la namna hiyo ni kwamba wenye faiba na wenye laini za simu wa kampuni tofauti wanalalamika saa ileile, na kurasa zinafunguka kwa kusuasua badala ya kukataa kabisa.

Sasa dukani. Nilianza kwenye ONT, ambayo haikuwa dukani. Fundi aliyeleta faiba aliifunga kwenye jengo la mbele linalotazama barabara, na duka la mama liko nyuma ya ua. Kutoka kwenye ONT waya wa mtandao wa shaba, mita 40 hivi, ulivuka ua hewani hadi kwenye ruta ya dukani. Upande wa pili wa duka kulikuwa na eksesi pointi ya dari kwa ajili ya wateja wanaokaa kusubiri. PON ilikuwa kijani, LOS imezima. Mwanga unafika, basi. Lakini taa ya LAN1, inayowaka pale waya unapounganishwa na kifaa kilicho hai upande wa pili, ilikuwa imekufa.

Waya umekatika, au ruta, au tundu lenyewe? Nilichomoa waya mrefu na kuunganisha kompyuta yangu hapohapo kwa waya mfupi nilioujua ni mzima. LAN1 haikuwaka. Nilihamisha waya huohuo kwenye LAN2, taa ikawaka, kompyuta ikapata anwani. Nikaandika:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Amri ya kwanza inamwita karani wa ndani, ambaye kwa mama alikuwa ndani ya ONT yenyewe, kwa kuwa ilifungwa kama ruta pia. Ya pili inaita kompyuta iliyo nje kabisa. Zote zilijibu. Wa kwanza angejibu na wa pili akakaa kimya, ningejua ndani hakuna kosa na tatizo liko nje. Wote wangekaa kimya, ningebaki ndani. Tahadhari moja: baadhi ya watoa huduma huacha ruta ya mteja ndiyo iingie kwa jina na neno la siri, na hapo kompyuta ikiunganishwa moja kwa moja haitapata intaneti hata kama ONT ni nzima. Taa ya tundu itawaka lakini, na hiyo inatosha kuliondolea tundu lawama.

Kwa hiyo ONT ilikuwa hai isipokuwa tundu moja. Niliuhamishia waya mrefu kwenye LAN2, tukavuka ua, na ruta mpya ikapata intaneti papo hapo. Mama aliitazama taa ikigeuka kijani. "Kumbe si feki," alisema, na akakaa kimya kidogo, maana jana alikuwa amegombana na muuzaji.

Lakini nilitaka kujua kuhusu ile ya zamani. Niliiwasha mezani. Waifai yake ilitoka, imejaa, simu ikaungana nayo. Matundu yake manne ya LAN yaliwaka moja baada ya jingine nilipoyajaribu. Tundu la WAN, lile linalopokea kutoka kwenye ONT, halikuwaka kwa waya wowote. Sasa picha ilikamilika: ncha mbili za waya uleule wa mita 40 zimekufa, na kila kitu kingine kizima. Radi ndiyo inayoacha alama ya namna hii.

Kumbukumbu za hali ya hewa za miaka ya 1967 hadi 1976 ziliipa Tororo wastani wa siku 251 zenye ngurumo kwa mwaka, na kwa miaka mingi mji huu umetajwa miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Watu hudhani radi lazima ipige nyumba ndipo kifaa kiungue. Si lazima. Radi ikipiga mti ulio mita mia kadhaa mbali, waya mrefu wa shaba uliotandazwa hewani unafanya kazi ya antena na kuokota msukumo wa umeme. Tena majengo mawili yana ardhi mbili, na radi ikishuka jirani, ardhi ya hapa na ya pale hazilingani kwa kitambo kifupi, na waya unaoyaunganisha ndio unaobeba tofauti hiyo. Tundu la mtandao limetengenezwa kuvumilia takriban volti 1,500 kwa muda mfupi. Msukumo wa siku ile ya mvua ulizidi, ukaingia kwenye ncha mbili, ukaua tundu huku na tundu kule.

Ndiyo maana kubadilisha ruta peke yake hakukusaidia. Vifaa viwili vikiwa vibovu kwenye mnyororo mmoja, ukibadilisha kimoja dalili inabaki vilevile, na unashawishika kwamba kile kipya ndicho kibovu. Ukienda kwa kuuliza kila kimoja kinapokea nini na kinatoa nini, huwezi kunaswa. ONT ilipokea mwanga mzuri na kutoa kimya kwenye LAN1: ina kosa. Ruta ya zamani ilipewa waya mzima na haikuuona: ina kosa. Eksesi pointi ya dari ilipokea kimya na kurusha kimya, kwa uaminifu kabisa, na waifai yake ilikuwa imejaa muda wote.

Waya mrefu haukubaki. Tungeuacha, mvua inayofuata ingerudia. Nilimwambia mama amwombe mtoa huduma auhamishe mwisho wa faiba, uzi wa kioo uvuke ua hadi dukani na ONT ifungwe ubavuni mwa ruta. Kioo hakibebi umeme wa radi. Sharti ni moja: nyaya nyingi za faiba za nje zina uzi wa chuma wa kuzibebea uzito, na chuma hicho kikatwe na kuachwa nje ya ukuta, kisiingizwe ndani pamoja na kioo. Umeme wa soketi ni mlango mwingine wa radi, na kwa huo hakuna kinachoshinda kuchomoa plagi wingu likianza kujikusanya juu ya mwamba wa Tororo.

Ruta ya zamani hatukuitupa. Tundu la WAN limekufa, lakini kazi ya kurusha hewani haihitaji tundu hilo. Niliingia kwenye ukurasa wake, nikaipa anwani 192.168.1.2 ili isigombane na ONT, nikazima DHCP, yaani kugawa anwani, kwa sababu makarani wawili kwenye nyumba moja huwapa watu vitanda vilevile na mtandao unaparaganyika kwa namna ambayo haionyeshi taa yoyote. Kisha nikaingiza waya kutoka kwenye ONT katika tundu lake la LAN. Tangu hapo ni eksesi pointi tu, na mama aliipeleka chumba cha nyuma, ambako ukuta wa matofali ya kuchoma ulikuwa umeizuia waifai ya dari isifike kwa wanafunzi wanaokuja jioni kuchapa kazi zao.